Ripoti Zilizochelewa

Mwenzangu alijuaje? Tulikuwa wasichana wawili wa mafunzo ya vitendo Korogwe, na nafasi ya kubaki ilikuwa moja. Mkuu wa idara ya kilimo alitupa fomu za tathmini za maafisa ugani, bila majina, kila mmoja azifupishe. Niliandika: wengi huchelewesha ripoti, wafundishwe kuziandika. Mwenzangu wa Handeni alizipanga kwa vituo, akaona wachelewaji wengi wako milimani, Dindira na kwingineko. Hao walihitaji pikipiki, si semina.

“Mwanangu, wewe mbishi wa kila kitu,” mkuu aliniambia, “hili la kuchelewa hukulihoji?”

Akabaki mwenzangu. Wivu ulinikaba mpaka nyumbani Kilole. Miaka baadaye nilijua mama yake mwenzangu alikuwa bibi shamba, afisa ugani wa Sindeni huko Handeni, akizunguka vijiji kwa miguu, ripoti zake zikichelewa.