Ruhusa ya Siku Tano

Chef wetu tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi nikajikuta mbele ya ordinateri, kompyuta ya kazi, pale depo ya dawa, kule mtaa wa Annexe, macho yamevimba, na kamio, lori la kwenda Kilwa ya kwetu huku, si ile ya pwani, limeshapakiwa dawa za malaria za watoto. Mawingu yalikuwa meusi. Mvua ikianza, barabara ya Kilwa inakufa, na watoto wa kule hawangoji.

Mwenzangu alikuwa ameandaa bon, hati ya kutoa dawa. Ilibaki mtu wa kuikubali ndani ya sistemu, na ruhusa hiyo alikuwa nayo mama, yule chef tuliyemzika, peke yake. Basi nikawaandikia watu wa informatique Kinshasa, wanaosimamia sistemu, wanipe mimi ruhusa hiyo kwa muda. Kazi: kukubali bon ya Kilwa na nyingine za wiki hii. Muda: siku tano, mpaka Ijumaa jioni. Responsable, yaani mkubwa anayekubali nipewe: nikaandika jina la mama. Miaka yote nimeandika jina hilo, vidole vilikwenda vyenyewe.

Wakajibu haraka: tumemwomba athibitishe, amejibu kwamba yuko misheni, safari ya kazi, Mitwaba, atarudi, tunamngoja.

Ee Mungu wangu! Lilikuwa jibu la automatique, linalojituma lenyewe, aliloliacha kabla ya kuugua. Nikapiga simu kwa hasira. "Mnamngoja nani? Huyo mama ni marehemu!"

Tuliongea Kifaransa. Kijana wa informatique akanipa pole, ya kweli kabisa. Hakuna aliyewaambia. Lakini ruhusa hakunipa. "Papa, neno lako halitoshi. Chef mwingine aniandikie mwenyewe, kutoka adresi yake." Nilimtukana moyoni, ingawa alisema haki. Kama kila mtu angejifungulia mlango, dawa zingekuwa zinauzwa sokoni.

Nikaandika upya. Kazi ileile, muda uleule. Kwenye responsable nikaweka jina la direkta, mkubwa wa mama, na hapo nikalia, mutu muzima, mbele ya mashoferi. Kuondoa jina la mama pale kuliniuma kuliko udongo wa Jumamosi.

Direkta alikuwa kwenye mkutano mpaka saa tisa. Alipothibitisha, ruhusa ikafunguka, nikaikubali bon, kamio likaondoka. Mvua ililikuta njiani. Lilikwama kwenye matope, likafika Kilwa Jumapili.

Infirmier, muuguzi wa kule, akanipigia. "Dawa zimefika, papa, aksanti sana. Batoto babili hawakuzingoja. Lakini umwambie mama aksanti, miye nilijua yeye hawezi kutusahau."

Nikamwambia kwamba mama tumemzika. Akanipa pole.

"Sasa," akauliza, "bon ya mwezi unaokuja ni nani atatukubalia?"

Hakuna aliyekuwa amewekwa mahali pa mama. Na ruhusa yangu ilishafungwa tangu Ijumaa. Nikamwambia nitamwandikia direkta atutajie mtu.