Uchuro Siku ya Kuwasha Mfumo

Kwetu Tanga mtu hatamki mabaya siku ya furaha. Anayesafiri hasimuliwi ajali. Huo ni uchuro. Nilihamia Texas na mabegi mawili na imani hiyo, na ndiyo iliyonitia hatiani.

Mwaka mmoja kabla ya korona nilikuwa msimamizi wa mapokezi ya mizigo kwenye ghala la vifaa vya hospitali, Irving. Kampuni ilikuwa inahamia mfumo mmoja wa kompyuta: manunuzi, stoo, mauzo na hesabu, vyote humo. Asubuhi ya kuuwasha tulikusanyika penye milango ya kushushia mizigo, donati mezani, maputo ukutani. Mkurugenzi aliyeubeba mradi ule, mama wa Kimarekani, alisimama mbele yetu, nami kando yake nikiwatafsiria Waswahili wenzangu, wengi wao Wakongo.

Alisema kweli tupu. Miezi mitatu ya kwanza mtakuwa wazito kuliko jana. Mtakosea. Msirudi kwenye madaftari. Kosa liripotiwe siku hiyohiyo, na hakuna atakayefukuzwa wala kupimwa kasi yake ya kazi mpaka miezi hiyo iishe.

Nikasema moyoni, huyu ana mdomo gani! Maputo yote yale, yeye anatutangazia msiba. Nikatafsiri hivi: "Tutahangaika siku mbili tatu, halafu mambo yatakuwa laini. Tuchape kazi!" Wakapiga makofi. Nilijiona mjanja kweli.

Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni mama mmoja wa Bukavu, mkazi wa mji jirani wa Euless, mpokea mizigo hodari kuliko sisi sote. Wiki ya pili skana, kile kifaa cha mkononi cha kusomea mizigo, ikaanza kumkatalia, maana idadi ya katoni zilizofika haikulingana na oda iliyoingizwa kwenye mfumo. Hakuripoti. Aliandika kwenye daftari, akiweka mzigo rafuni, akitumaini ataingiza baadaye. Glavu zimejaa ghalani, mfumo unasema hakuna, na tawi la Houston linawaambia wateja wasubiri.

Daftari lilipoonekana, alinirudishia skana na kitambulisho.

"Dada, ulisema siku mbili tatu. Benzangu bote banajua, miye tu njo naharibu kazi. Afazali niende miye mwenyewe kuliko banifukuze."

Wenzake walikuwa wanakosea vilevile, kila mmoja akijificha kivyake. Nilijua. Ningemwambia neno moja tu, kwamba bado ana zaidi ya miezi miwili ya kukosea, angebaki. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini hakuisikia ahadi hiyo mapema. Niliona aibu.

"Pole, mama," nikamwambia, nikapokea skana.

Mchana mkurugenzi akanijia, amesikitika kwelikweli. "Lakini niliahidi miezi mitatu. Hakunisikia?"

"Labda hakuelewa," nikajibu.