Kopo la Tatu

Mama Stoo ametunza vifaa vya maabara yetu ya elektroniki kwa miaka ishirini na sita. Katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwona akimpendelea mtu. Waziri angekuja kuomba kipinga kimoja cha umeme, angeambiwa asaini daftari kama wenzake. Transista mpya zikifika, huketi na mita yake akazipima moja moja, kisha huzigawa katika makopo matatu ya maziwa. Kopo la kwanza ni la zile zinazokuza ishara sana, la pili la wastani, la tatu la zile dhaifu, ambazo mimi ningezitupa jalalani. Yeye hazitupi. Husema hata kilema ana kazi yake.

Mimi ni mwalimu wa maabara hiyo. Nina ulimi mkali na nimeshaambiwa hivyo na watu wengi, marehemu mke wangu akiwa wa kwanza. Nayasema haya mapema ili nisije nikaonekana mtakatifu.

Kwenye meza ya dirishani kuna ubao mdogo wa saketi uliounganishwa na spika ndogo. Mama Stoo huuwasha kila siku asubuhi. Ukiwashwa hutoa mlio mfupi unaofifia na kuisha, mfano wa mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Halafu kimya. Ikifika saa nane mchana, jua likishaingia na kuangukia meza ile, mlio unarudi wenyewe bila kuguswa na mtu. Huanza chini sana, usijue kama unausikia au unauwaza, kisha hupanda taratibu hadi ukajaa chumba. Jua likihama, nao unakwenda zake. Wanafunzi wanasema mna mzimu, na saa nane ikikaribia kila mmoja hujigundua ana haja ya kutoka.

Mimi sikutoka, lakini msinione jasiri. Nimesikia sauti ile kwenye birika linalochemka nyumbani kwangu. Nimeisikia msibani, watu wakisali. Nilijua ni ubao wa nani.

Ni wa binti yake Mama Stoo. Alikuwa mwanafunzi wangu, mpole, mwandiko wake mdogo na mnyoofu. Miaka mitatu iliyopita niliwapa darasa kazi ya kuunda saketi inayozalisha mlio wake yenyewe kwa vipinga, kapasita na transista moja. Kanuni yake si ngumu. Transista huikuza ishara na pia huigeuza kichwa chini. Ishara hiyo iliyogeuzwa hupitishwa kwenye hatua tatu za kapasita na kipinga, na kila hatua huisogeza kiasi cha digrii sitini. Sitini mara tatu ni nusu mzunguko, kwa hiyo ishara hurudi mlangoni ikiwa imesimama wima tena, ikaungana na ile iliyoanza. Kuna mlio mmoja tu ambao hesabu hiyo hutimia kwake, na saketi huuchagua huo na kuiacha mingine yote.

Lakini hatua zile tatu zina ulafi. Ukizilisha ishirini na tisa, zinakurudishia moja. Transista lazima ikuze angalau mara ishirini na tisa ili kulipia kilichomezwa, na ongeza kidogo juu yake, maana transista nayo huzielemea hatua hizo. Ikikuza pungufu hata kwa kidogo, kila mzunguko hurudi mdogo kuliko uliopita, mpaka mlio unakufa. Ikizidi, mlio hukua hadi ugonge dari ya umeme uliopo.

Siku ya kuonyesha kazi, binti aliwasha ubao wake mbele ya darasa. Ukalia kidogo, ukafa. Akawasha tena, ukafa tena. Aliniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikamjibu, na darasa zima likicheka, "Umekosea hesabu. Karudie." Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye daftari lake: *Haudumu.*

Wiki mbili baadaye homa ilimchukua. Hakurudi.

Juzi mkuu wa chuo aliandika barua kwamba kidude kile kinachotisha watoto wa watu kiondolewe kabla ya Ijumaa. Barua alinikabidhi mimi. Nilikwenda nayo stoo nikijiandaa kwa vita, nikamkuta Mama Stoo ameketi na makopo yake matatu mapajani. Aliisoma, akaikunja mara nne.

"Unajua kwa nini unalia mchana?" aliniuliza.

"Joto," nikasema. "Transista ikipata joto hukuza zaidi. Asubuhi iko chini ya kiwango, jua likiipasha inavuka."

"Na kwa nini iko chini ya kiwango?"

Swali hilo nilipaswa kujiuliza miaka mitatu nyuma. Kupima transista ni kazi ya dakika moja.

Alichukua kopo la tatu akalitikisa. "Nilimpa kutoka humu. Alikuja kusaini na wenzake wako nyuma yake kwenye foleni, wananitazama. Nikasema nikimpa nzuri, watanena mama anambeba mwanawe. Wengine wote niliwapa za kopo la kwanza, Mwalimu. Mwanangu nikamchagulia dhaifu kuliko zote, ili nionekane mwadilifu."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia nini? Alirudi nyumbani analia kwamba hana akili ya hesabu. Nikamwambia mvumilivu hula mbivu. Alipougua, nilitaka homa ipoe kwanza, ndipo nimwambie." Alijifuta uso kwa barua ya mkuu. "Kila saa nane naenda kumsikiliza. Naona kama bado ananiuliza."

 Nilitoa transista moja kutoka kopo la kwanza, tukaenda dirishani pamoja. Ilikuwa saa tatu asubuhi, meza bado baridi. Nilitoa ile dhaifu, nikachomeka mpya, nikamwachia yeye awashe.

Ulilia papo hapo, kwa nguvu. Kwenye skrini ya kuchorea mawimbi, vilele vilikuwa vimekatwa bapa kwa kuwa sasa ukuzaji ulizidi. Nikapunguza kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka mawimbi yakawa ya mviringo, laini, nikaacha ziada ndogo ya ukuzaji ya kuyashikilia. Hayakufifia. Mama Stoo alihesabu dakika tano kwa saa ya ukutani, midomo ikimcheza. Hayakufifia.

Mita ilionyesha mizunguko mia sita arobaini na tatu kwa sekunde. Nikamwomba daftari la binti, nilinganishe. Alilitoa mfukoni mwa koti lake la kazi. Sikujua kwamba hutembea nalo.

Binti alikuwa ameandika mia sita arobaini; hizo tatu ni za vipuri, si za hesabu. Nilifika hata pale penye wino wangu mwekundu, nikataka kuufuta mbele ya mama yake, nimpe mtoto alama zake zote. Nilikwishatoa kalamu.

"Fungua mbele," akasema Mama Stoo. "Ulimwambia akarudie."

Nikafungua. Alikuwa amerudia hesabu ile mara tisa, kila moja kwenye ukurasa wake, kila moja na tarehe. Mwandiko wa tatu za mwisho ulikuwa unatetemeka kwa homa. Jibu lilikuwa lile lile mara zote tisa, na chini ya la tisa ameandika: *Bado sioni kosa langu, Mwalimu. Nitajaribu tena kesho.*

Nyuma yetu ubao uliendelea kulia, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuuzima.