Joto la Julai Ubaoni

Darasa letu la jioni liliwahi kuvumisha kwamba Julai hapa Sumbawanga joto hufika nyuzi mia moja ishirini na tano, ila upepo wa Ufipa unatuzuia kulisikia. Niliamini kabisa, nikiwa ndani ya masweta matatu, meno yakigongana hadi majirani wa Kasense wanasikia.

Uvumi ulitoka kwenye grafu ya hali ya hewa iliyochorwa ubaoni: nguzo za mvua, na mstari wa joto ukipita juu yake. Mwalimu alisema asiyeweza kuisoma hatamsajili mtihani wa kidato cha nne. Mimi nilikwishaachwa bila kusajiliwa mara moja. Nikiachwa tena, mke wangu angenihamishia Kipili, kule ziwani, nikaishi na dagaa.

Nikaitwa mbele. Msimu wa mvua? Nikaonyesha nguzo ndefu, Novemba mpaka Aprili. Sawa. Wastani wa joto kwa mwaka? Nikajumlisha miezi yote, nikagawa kwa kumi na mbili, nikatangaza kwa madaha: nyuzi mia moja hamsini.

Mama mmoja mkulima wa Pito akajifuta machozi ya kicheko. “Baba, basi mwaka huu ulezi tutavuna ukiwa ugali.”

Mwalimu, kijana wa kumzaa, hakucheka. “Mzee, nitakusajili, kanuni ya wastani unaijua. Ila namba za kushoto ni milimita za mvua. Joto linasomwa kulia. Julai ni nyuzi kumi na tano, na wastani wa mwaka ni kumi na nane.”