Fundi Aliyesoma Picha ya Ajali

Elinami amenyoosha bodi za magari pale Levolosi, Arusha, miaka ishirini na sita, na kama ulikuwa humjui, swali la kwanza ambalo ungeulizwa ni ulitoka wapi. Mmeru wa Akheri, mrefu, mkavu, mikono imejaa vumbi la puti, ile rojo ya kuzibia bati, hadi kwenye kucha. Gari lililogongwa analizunguka mara moja tu, kimya, halafu anakuambia liligongwa na nini, upande gani, na dereva alikanyaga breki au hakukanyaga. Wenye magari wadanganyifu walimwogopa kuliko polisi.

Sasa miaka hii miwili simu zikaleta balaa. Kwenye makundi ya habari ya wasap zikaanza kumiminika picha za ajali ambazo hazikutokea popote, zimetengenezwa na kompyuta tu, watu wanalia, watu wanasambaza. Siku moja Elinami akaandika kwenye kundi la Arusha Mashariki Habari kwamba basi lile lililopinduka ni la uongo, kwa sababu tairi zake za nyuma zilikuwa tatu upande mmoja na rimu mbili zimeyeyukiana. Ikaja kuthibitika ni uongo kweli. Weee! Tangu siku hiyo kila picha ikiingia, watu wanamwita: "Fundi, hii vipi?" Naye anaacha nyundo, anafuta kidole kwenye ovaroli, anakuza picha, anatoa hukumu. Tusimfiche, alikuwa anapenda. Nani asingependa? Maisha yake yote alikuwa mtu wa kuitwa gari likiharibika, sasa anaitwa na watu wenye shahada.

Nje ya gereji hiyo, kwenye kibanda chake mwenyewe cha bati, Mwanamkuu aliuza chakula. Mjane, Mwislamu wa familia ya zamani ya pale mtaani, mcheshi, mwenye ulimi. Alimwita Elinami "baba Princess" kwa jina la binti yake wa kwanza, na Elinami akamwita "mama Nasri." Huyo Nasri ndiye mtoto wake pekee. Alikuwa anaendesha pikapu ya buluu ya tajiri mmoja, kila asubuhi anapakia ndizi sokoni Maji ya Chai, nje ya mji, na kuzileta mjini. Kijana mpole, akipita gereji lazima apunguze mwendo aseme, "Shikamoo fundi!"

Jumatano moja, saa nne asubuhi, Mwanamkuu akaingia gereji mbio, simu mkononi, kanga imeteleza begani.

"Baba Princess, niangalizie! Wamesema Maji ya Chai! Pikapu ya buluu! Nampigia Nasri hapokei!"

Elinami akaichukua simu. Maneno yalisema: ajali mbaya sasa hivi Maji ya Chai, pikapu ya ndizi. Chini yake picha: pikapu ya buluu na basi jeupe zimevaana uso kwa uso. Ukiitazama kwa haraka moyo unaruka. Lakini Elinami hakutazama kwa haraka. Akakuza, akasogeza, akakuza tena.

"Mama Nasri, njoo uone. Tazama hapa mlango wa pikapu unapokutana na basi. Mpaka uko wapi? Haupo. Buluu inageuka nyeupe kwenye bati moja. Chuma hakifanyi hivyo. Kikigongwa kinakunjika, kinachanika, kinaacha makali. Hayo magari mawili yamekuwa gari moja."

"Eeh."

"Tazama tena. Kabini imebanwa mpaka kwenye kiti, kioo cha mbele hakina hata ufa. Wapi na wapi? Barabarani hakuna kipande cha kioo, hakuna tone la oili, hakuna ndizi hata moja. Na usukani uko kushoto! Nasri anaendesha gari la usukani wa kushoto?"

"Hapana."

"Namba ya gari yenyewe hii, herufi gani hizi? Huyu mtu anayeshangaa hapa, mguu wake umeingia kwenye nyasi kama mizizi. Hii ni ya kutengeneza, mama. Kapike."

"Niende tu nikamwone, nitulie? Nachukua bodaboda."

"Uache wateja kwa ajili ya katuni? Nasri akiendesha huwa hapokei, unamjua. Kaa."

Akakaa. Alishika kifua, akacheka kwa aibu, akasema Mungu ambariki fundi wake, akarudi kumenya viazi. Elinami akaandika kwenye kundi kwa herufi kubwa: FEKI. MSISAMBAZE. Watu themanini wakampa alama ya gumba juu. Wawili watatu waliokuwa wameuliza nani yuko karibu na Maji ya Chai atuambie, wakanyamaza. Kama fundi amesema, amesema.

Saa nane kasorobo simu ya Mwanamkuu ikaita. Alikuwa tajiri wa pikapu, yuko hospitali.

Nasri alikuwa amekwepa pikipiki pale karibu na soko akaingia kwenye kalavati. Basi halikuwapo kabisa. Pikapu yenyewe, Elinami alikuja kuiona baadaye, ilikuwa imebonyea boneti tu, kazi ya siku nne, lakini usukani ulimwingia kijana kifuani. Simu yake ilibaki kabini ikiita. Wasamaria walimkimbiza hospitali akiwa hai, akisema "mama," lakini hawezi kutaja namba ya simu ya mama yake. Namba ilipatikana tajiri alipofika kutoka Moshi. Nasri alikata roho saa saba.

Elinami ndiye aliyemshika Mwanamkuu asianguke kwenye sufuria ya mafuta. Alimsikia akipiga yowe moja tu.

Jioni ile alimpigia Tajeu, msimamizi wa kundi, aliyeweka picha. Alikuwa na hasira za kuua.

"Kijana, umefanya nini?"

"Shikamoo mzee. Mzee, mimi nilipigiwa na mtu wa sokoni kabisa, ajali ilikuwa ya kweli. Sikuwa na picha tu. Habari isiyo na picha haisomwi, nikaomba kompyuta initengenezee. Mzee, ni wewe uliyesema ni feki."

Elinami akakata simu. Alikuwa ameulizwa kuhusu mtoto wa watu, akajibu kuhusu bati. Simu moja tu kwa mtu yeyote wa pale sokoni ingetosha. Hata hiyo hakuipiga, kwa vile alikuwa na uhakika.

Walimzika Nasri kesho yake. Elinami, Mlutheri, alisimama nyuma kabisa akatupa udongo wake kama wengine. Siku ya tatu baada ya mazishi, alienda nyumbani kwa Mwanamkuu. Akina mama walikuwa ndani. Mwanamkuu alitoka mpaka kizingitini, amepungua, macho makavu.

"Mama Nasri, nimekuja unitukane."

Mwanamkuu akajifunga kanga vizuri.

"Ile picha, baba Princess. Ilikuwa ya uongo au siyo?"

"Ilikuwa ya uongo."

"Basi hukunidanganya," akasema. "Usijisumbue. Ila mwanangu aliniita masaa matatu, na mimi nilikuwa namenya viazi nacheka."

Akarudi ndani kwa wenzake. Elinami alibaki pale kizingitini, kofia mkononi, mpaka mtu mmoja akamwomba apishe njia.