Tangazo la Maji Matamu

Tangazo lile niliandika mimi, kwa mkono wangu, na mpaka leo sioni haya kujisifu. Mume wangu alishika ubao, nami nikashika brashi. Ukuta mzima wa nyumba ya mama mkwe ulinuka rangi ya buluu.

Bendera mpya ya Uhuru ilikuwa imepandishwa majuzi tu, na hoteli za Diani zilikuwa na magari yanayopita ufukweni kutwa, yakirudi yamejaa mchanga na chumvi. Maji ya visima vya karibu na bahari yalikuwa ya magadi, chumvi chumvi. Ukioshea gari, likikauka juani linabaki na madoa meupe, na baada ya miezi kutu inaanza kula chini ya milango. Mume wangu, aliyekuwa ameosha magari ya mzungu mmoja tangu ujana wake, aliyajua hayo. Akaacha kazi, akachimba kisima pale Ukunda, kando ya barabara, akipasua jiwe kwa mtaimbo huku watu wakimcheka. Walimwita "mchimba mawe". Wengine walimwambia akaze moyo, karibu atatokea kwenye bahari ya pili.

Yakatokea maji matamu. Majirani wote waliyaonja, wakashuhudia. Lakini majirani hawakuwa na magari! Wenye kuendesha magari walikuwa madereva wa hoteli na wa serikali, nao walisadiki jambo moja tu: Ukunda hakuna maji matamu.

Kwa hiyo nikaandika:

"KARIBUNI KUOSHA MAGARI KWA MAJI MATAMU. Tunafungua Jumamosi. Saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku. Ijumaa tunapumzika saa sita hadi saa nane kwa sala. Siku ya kufungua, nusu bei, na mihuri miwili badala ya mmoja. Kadi ikifika mihuri sita, gari la saba bure. Kadi ni ya dereva, si ya gari. Huamini maji yetu? Siku ya kufungua tutayanywa mbele yako."

Hayo ya kadi kuwa ya dereva yalikuwa akili yangu. Gari ni la tajiri, lakini anayechagua pa kuliosha ni yule anayeshika usukani. Kadi nilizikata kutoka maboksi ya viatu, na muhuri nikauchonga kwenye kipande cha kandambili iliyokatika, umbo la ndoo yenye mkono. Loo, ulikuwa muhuri wa haja! Mama mkwe aliugonga kwenye kanga yake kuujaribu, na ndoo ile haikutoka mpaka kanga ikachakaa.

Siku ya kufungua niliichagua kwa hesabu. Ilikuwa Shaabani, nami nikahesabu mwezi utatimia thelathini, Jumamosi iwe siku ya mwisho ya kula mchana. Ijumaa magharibi, tukiwa tunafagia uwanja, tukasikia vigelegele mtaani. Mwezi wa Ramadhani umeandama! Nikakaa chini palepale, fagio mkononi.

"Tutayanywaje kesho?" mume wangu akaniuliza.

Nikainuka, nikamalizia kufagia.

Asubuhi madereva walikuja, kweli, na magari yao wakayapanga barabarani. Mbele yao alikuwa mkubwa wa madereva wa hoteli moja ya ufukweni, mtu mzima wa Vanga, kofia imenyooka, gari lake jeusi la kuchukulia wageni. Wenzake walimfuata kwa kila kitu. Akisema ndiyo, wote ndiyo. Akitikisa kichwa, sisi na kisima chetu tumekwisha, mume wangu arudi kwa mzungu akaombe kazi aliyoiacha.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akasoma ubao polepole, kwa sauti, ili wote wasikie. Alipofika mwisho akageuka. "Haya. Kunyweni."

"Baba, leo ni mwezi mosi, tumefunga!"

"Aliyeandika iwe leo ni nani, mimi?" Madereva wakaangua kicheko. "Mchimba mawe, tangazo lako limevunjika mguu kabla halijatembea."

Mume wangu akainama kisimani. Alichota ndoo, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akaisugua kwenye kitambaa chake, na povu likapanda mpaka viwikoni. Maji ya magadi hayafanyi hivyo, sabuni huganda tu. Dereva mmoja wa gari la serikali akasogea, akakubali kuoshewa. Mume wangu akamwagia chini ya mabawa ya magurudumu kwanza, mchanga utoke, maana ukianza kusugua na mchanga unakwaruza rangi. Kisha akaanza paa akashuka. Boneti akaliacha bila kulifuta, akalisogeza gari juani. Tukasimama wote tukilitazama linavyokauka. Halikubaki doa.

"Sabuni ya bei, hiyo," akasema mtu wa Vanga. "Na doa huja baadaye. Mimi naamini ulimi wangu." Akaingia garini, akaondoka, na wenzake wakamfuata. Kadi moja tu ndiyo niliyoigonga asubuhi ile.

Mume wangu akaenda kuung'oa ubao. Nikamshika mkono. Ng'o! Sikuchafua vidole vyangu na rangi wiki nzima ili ubao ukawe kuni. Nikatafuta chaki, nikaongeza chini: "Maji yatanywewa magharibi. Tutafunga kazi baada ya hapo." Kisha nikamtuma kila aliyepita kwenda Diani apeleke habari hiyo hotelini, na wengine nikawasihi mara mbili.

Kutwa yakaja magari mawili. Jua la kaskazi lilituwakia na koo zimekauka, na maji yenyewe tunayachota, tunayamwaga, tunayasikia yakilia ndani ya ndoo. Alasiri nilijificha nyuma ya kisima nikalia kidogo kwa hasira. Nilimwonea uchungu mume wangu, viganja vyake vilivyopasuka kwa mtaimbo.

Magharibi ikakaribia. Nikapanga vikombe kwenye sinia, tende nikaziweka kando. Barabara ilikuwa tupu. Muadhini alikuwa ameanza kukohoa kule msikitini ndipo nikaliona gari jeusi linakuja, na nyuma yake mengine, taa zimewashwa.

Mtu wa Vanga akashuka. Adhana ikalia. Mume wangu akasema bismillahi, akala tende, akanywa kikombe chote mbele yao. Kisha akajaza kingine, akampa kwa mikono miwili.

Yule mzee akapiga funda moja, akalizungusha mdomoni. Madereva wote wakamtazama yeye, si maji. Akanywa yote. Akanyoosha kikombe, nikamjazia, akanywa tena. Halafu akaenda garini akarudi na chupa tupu.

"Nijazie na hii," akaniambia. "Mama watoto aonje."

Nikaijaza. Ikafurika, mengine yakanimwagikia miguuni.

"Na kadi yangu?"

"Kadi hupigwa muhuri gari likioshwa, baba," nikasema, maana kanuni ni kanuni, na niliiandika mimi.

Akacheka mpaka kofia ikapinda. "Wee mwana, mkali! Basi lioshwe. Leo ni mihuri miwili, sivyo? Na hawa nyuma yangu pia, baada ya sala."

Wakasali uwanjani petu, kwenye mikeka ya mama mkwe. Kisha mume wangu akakunja mikono ya shati. Nilipomgongea yule mzee ndoo zake mbili kwenye kadi, alizipulizia wino ukauke, akaitia kadi ndani ya kofia yake.

"Mwenye kisima," akaita, "usisahau chini ya mabawa."

Mume wangu, kitambaa mkononi, akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.