Samli ya Bi Zahwa

Mama mkwe wangu, Bi Zahwa, alisifiwa kwa mkono wake wa tiba katika milima yote ya Jizan, kusini mwa Saudia. Kabla zahanati haijafika kwetu, mtoto akizibwa na mafua alipelekwa kwake. Alipasha samli ya ng'ombe wake, akamlaza mtoto mapajani na kumtonea puani. Alijivunia kwamba hakumbuki idadi ya watoto aliowatonea.

Mwanangu wa kwanza, Jubran, alitonewa kila asubuhi kwa miezi minne. Akaanza kukohoa, akakonda, akafa. Daktari alisema samli ilishuka mapafuni ikakaa humo. Bi Zahwa akasema Jubran alipigwa na jicho la husuda. Mume wangu alinyamaza. Sikumsamehe yeye wala mama yake.

Kisha nikamzaa Wijdan. Alipofika miezi mitatu, mafua yakamshika. Alikuwa akivuta titi mara mbili, analiachia, analia, kwa kuwa pua haipitishi hewa. Bi Zahwa akaja na kikombe chake cha samli.

"Usimguse, mama."

"Nimelea tisa mimi. Wewe umelea nani?"

Maneno hayo yalinichoma, lakini nikamlaza mtoto chali na kutoa kichupa nilichopewa na nesi.

"Dawa gani hiyo?"

"Maji ya chumvi."

"Tunamtibu au tunamtia kwenye mchuzi?"

Nikatia matone mawili kila tundu la pua. Wijdan akapiga chafya. Nikasubiri kidogo, makamasi yakalainika, nikayafyonza polepole kwa kipira cha kuminya. Alipowekwa titini alinyonya moja kwa moja, pua ikipiga filimbi kidogo tu.

Bi Zahwa alikitua kikombe chini. Mtoto alipoanza kusinzia, akaleta mto amwinue kichwa.

"Si mto, mama. Shingo itajikunja, au uso utazama humo akose hewa. Mshike wima kifuani kwako, pua iwe wazi, nawe uwe macho. Ukichoka nipe, nimlaze chali kitandani, bila mto."

Nilidhani atanitukana. Akamchukua, akaegemea ukuta, mkono mmoja ukishika kisogo. Wijdan akalala hivyo, akipumua vizuri. Bi Zahwa hakusogea hata mguu. Nilimaliza kufua na kuanika, nikamkuta vilevile, macho yake kwenye kile kichupa.

"Chumvi na maji tu?" akauliza.

"Tu."

"Na Jubran naye… yangemtosha?"

Nilijua anachoniomba. Alikuwa mzee, amebeba mtoto wangu, na neno moja tu la uongo lingemwacha afe kwa amani. Ningeweza kusema siku zake zilikuwa zimefika. Sikutaka.

"Yangemtosha, mama."

Hakulia. Alimkaza Wijdan kidogo kifuani, midomo ikaanza kucheza. Nilidhani anaomba dua, nikasogea. Alikuwa anataja majina ya watoto wa kijijini aliowatonea, mmoja baada ya mwingine.